Barua ya wazi kwa wamiliki na mameneja wa migahawa ya Dar es Salaam kuhusu utani wa jikoni

Waheshimiwa wamiliki, mameneja na wapishi wakuu,

Ninawaandikia nikiwa mpishi ambaye nimefanya kazi katika majiko ya jiji hili kwa miaka kumi na tisa, nikianza kwenye beseni la vyombo na sasa nikiwa msimamizi wa zamu ya usiku. Jambo ninalotaka kulileta mbele yenu ni utani wa wafanyakazi wakati wa pilikapilika. Wengi wenu mnausikia mkipita mlango wa jikoni, mnatabasamu, mnasema vijana wana furaha, kisha mnarudi ofisini. Wachache wenu huuona kuwa utovu wa nidhamu. Nadhani pande zote mbili zinakosea, kwa sababu utani ule ni taarifa mnayoletewa kila usiku bila malipo, na mara nyingi taarifa hiyo inahusu maamuzi mliyoyafanya wenyewe.

Niruhusuni nieleze kwanza jinsi jiko linavyozungumza. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, mgahawa wenye viti sabini hujaa kuanzia saa mbili usiku na hautulii hadi saa tano. Samaki mzima wa kuchoma anahitaji takriban dakika ishirini na tano juu ya makaa, ugali unahitaji robo saa kama maji tayari yanachemka, na chipsi zilizokwisha kukaangwa mara ya kwanza zinamaliziwa kwa dakika tatu tu. Meza moja inapoagiza vyote vitatu, mpishi wa grili ndiye anayeanza, na wenzake wanamsubiri yeye awaambie lini waingie. Feni ya kufyonza moshi inanguruma, mafuta yapo kwenye nyuzi 180, na watu sita wanapishana katika upenyo ambao wawili hawatoshi kusimama bega kwa bega. Hakuna nafasi ya kusema “tafadhali, ndugu yangu”. Tunasema “moto nyuma!”, “kisu!”, “samaki dakika tano!”, na anayesikia anajibu kwa sauti kwamba amesikia. Jibu hilo ndilo linalotulinda tusiungue.

Utani unapita katika njia hiyohiyo. Ni mfupi, ni wa sauti kubwa, na unadai jibu. Mhudumu akileta karatasi ya oda dirishani, mpishi atamwuliza kama ameandika kwa mguu, na mhudumu atamjibu kwamba tatizo ni kuisoma kwa tumbo. Wote wanacheka, lakini wakati huohuo mpishi ameuliza neno lisilosomeka na mhudumu amelirekebisha. Hakuna aliyeaibika, na oda imekwenda sawasawa. Mtu wa nje anaona mzaha. Sisi tunajua kwamba swali limeulizwa na limejibiwa katika sekunde nne.

Sisi Watanzania tuna bahati ya kulielewa jambo hili vizuri kuliko wengi, kwa sababu tumelelewa na utani wa makabila. Mchaga na Mpare wakikutana jikoni hawahitaji kutambulishwa. Mpare ataambiwa kwamba atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, naye atamjibu Mchaga kwamba ng'ombe huyo hatauzwa kwake maana atampunja bei. Msukuma na Mzaramo wana yao, na Mhehe na Mngoni waliopigana vita katika karne ya 19 leo ni watani. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika kuhusu mahusiano ya utani mwaka 1940, alitofautisha utani ambao kila upande una haki ya kuutania mwingine, na ule ambao upande mmoja unatania na mwingine unavumilia bila kurudisha, au unarudisha kidogo tu. Tofauti hiyo ndiyo ninayowaomba mjifunze kuisikia.

Kuna jambo jingine katika utani wetu ambalo watu huwa wanalisahau. Mtani msibani ana uhuru wa ajabu: anaweza kumwigiza marehemu, anaweza kuzuia shughuli hadi apewe fedha, na wafiwa hawaruhusiwi kumkasirikia. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchota maji, kupasua kuni na kushika jembe kaburini. Uhuru wa ulimi wake ameulipia kwa mikono. Jikoni ni vivyo hivyo. Mpishi wa grili anayemwambia mwenzake wa chipsi kwamba anakaanga kama anayeogopa mafuta, huku akivuka kwenda kumsaidia kutoa kapu la pili, amejenga kitu. Yule anayesema maneno hayohayo akiwa amekunja mikono ameanza kubomoa, hata kama maneno hayakubadilika hata kidogo.

Sasa niwasimulie kilichotokea katika mgahawa mmoja niliofanya kazi. Sitautaja, kwa kuwa sitaki kumshitaki mtu.

Tulikuwa wapishi sita, wahudumu watano na kijana mmoja wa vyombo. Kwa mwaka wa kwanza utani ulikuwa mkali na ulikuwa na afya. Kisha uongozi, ukiwa umechoshwa na sahani zinazorudishwa na wateja na vyombo vinavyovunjika, ulitoa utaratibu mpya: kila sahani inayorudi lazima ipate mwenyewe, awe mhudumu au mpishi, naye atakatwa bei yake mwisho wa mwezi. Kila chombo kinachovunjika kitakatwa kwa kijana wa vyombo, isipokuwa aliyekivunja ajitaje. Kila usiku wakati wa kufunga, meneja alikuja na daftari na kuuliza: “Hii ni ya nani?”

Katika wiki ya kwanza sikuona badiliko lolote, kwa sababu maneno yalibaki yaleyale. Bado mhudumu aliulizwa kama ameandika kwa mguu. Kilichobadilika ni kwamba swali sasa liliulizwa kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, ili wengine wasikie, na halikusubiri jibu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba mzaha umegeuka ushahidi. Mtu aliyeitwa kipofu mara tano kabla ya saa nne usiku, mbele ya watu kumi, amekwisha kuhukumiwa kabla meneja hajafungua daftari. Sahani ikirudi, hakuna atakayeuliza nani alikosea, kwa kuwa jina limekwisha kuzoeleka masikioni. Kila mmoja wetu alianza kumtania mwenzake kama mtu anayejenga ukuta kuzuia mafuriko yasiingie kwake.

Mfano ni usiku wa samaki wa meza ya kumi na nne. Mteja aliagiza changu wa kuchoma bila pilipili. Mhudumu aliandika neno “bila” kwa kifupi, herufi moja na mstari ulioinama. Mpishi wa grili aliisoma karatasi iliyokwisha kulowa mafuta, akaona pilipili, akaipaka. Zamani angeuliza. Angepaza sauti kwamba karatasi imeandikwa kwa mguu, mhudumu angerudi dirishani akisema ni bila, na jambo lingeishia hapo. Usiku ule hakuuliza, na baadaye alinieleza sababu: kuuliza kungekuwa kumsaidia mhudumu kurekebisha kosa ambalo, likibaki kwenye karatasi, ni la mhudumu. Samaki akaenda, akarudi, akachomwa mwingine. Mteja alisubiri nusu saa nyingine na familia yake ikamaliza kula bila yeye.

Samaki yule aliuzwa kwa shilingi 28,000 kwenye menyu, na mhudumu alikatwa shilingi 28,000, ingawa sote tuliopokea mzigo wa asubuhi tulijua kwamba samaki, viungo na makaa havikufika nusu ya fedha hiyo. Tangu usiku ule aliitwa Bwana Rudisha. Alilicheka jina hilo. Akawajibu wapishi kwamba wao hawajui kusoma. Lakini hakuwahi tena kurudi dirishani kuthibitisha oda, na wapishi hawakuwahi tena kumwambia kwamba kuku anakaribia kuisha ili asiendelee kumwuza. Mkikaa na hesabu zenu mtaona idadi ya sahani zilizorudi ikiongezeka baada ya utaratibu uliokusudiwa kuipunguza, na mtadhani wafanyakazi wamezidi uzembe.

Kijana wa vyombo ndiye aliyeumia zaidi, na hapa sina budi kusema sehemu yangu. Mimi ndiye niliyempa jina la Tetemeko, usiku ambao rundo la sahani lilimponyoka. Jina likapendwa. Kila kitu kilipoanguka popote, hata kijiko cha mpishi mwenyewe, watu waliita “Tetemeko!” na kucheka, na mwisho wa usiku daftari lilimwangukia yeye, kwa sababu jina lilikuwa lake. Alikuwa mdogo kuliko sisi sote, ametoka mkoani hivi karibuni, na katika jiko lile hakuwa na mtani hata mmoja ambaye kwa desturi angeweza kumrudishia. Nani angemwita mkubwa wake jina? Akawa anacheka. Alicheka miezi minane. Jumamosi moja, saa tatu na nusu usiku, karatasi zikiwa zimejaa dirishani, alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya kutolea chakula, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kugombana na mtu. Usiku ule tuliosha vyombo kwa zamu, na wote tulisema neno moja: mbona alikuwa anacheka?

Nilikutana naye mwaka mmoja baadaye Buguruni, akiuza matunda. Nilimwomba radhi. Aliniambia, bila hasira, kwamba alikuwa anacheka ili tumalize upesi.

Nimelifikiria sana jibu lile, na kwa sababu yake sikubali tena kicheko kuwa dalili ya amani. Kwa uzoefu wangu kuna dalili nyingine za kutegemea zaidi. Ya kwanza ni kama mtaniwa anarudisha, na kama anarudisha kwa yuleyule aliyemtania au anashuka chini kumtania aliye dhaifu kuliko yeye. Utani unaoteremka tu, kutoka kwa mpishi mkuu hadi kwa mpishi, kutoka kwa mpishi hadi kwa mhudumu, na kuishia kwenye beseni la vyombo, si utani tena. Sikilizeni pia mada. Katika jiko lenye afya watu wanataniana kuhusu mpira, makabila, mapishi na mapenzi, na mada hubadilika kila usiku. Mzaha ukirudi kwenye jambo lilelile kwa wiki tatu, hasa fedha, mfuko wa bakshishi, makato au nani anapewa Jumapili ya mapumziko, basi mzaha huo ni lalamiko ambalo halikupata mahali pa kupelekwa.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni ukimya katika wito wa usalama. Mtu aliyechoka kutaniwa huacha kwanza kujibu mzaha, kisha huacha kujibu kila kitu. Unasema “moto nyuma!” na husikii neno. Ukiwa umebeba sufuria ya mchuzi unaochemka, hujui kama amekusikia au atageuka. Ninaposikia wito usiojibiwa mara mbili kwa mtu mmoja, ninamtoa kwenye eneo la mafuta usiku huohuo na kuzungumza naye kabla hajaondoka. Na baada ya pilikapilika, angalieni chakula cha wafanyakazi. Watu waliotaniana vibaya saa tatu wakikaa sinia moja saa tano na nusu, hamna cha kuhofia. Mtu akichukua sahani yake akaenda kula kwenye ngazi za nyuma, kuna jambo.

Najua baadhi yenu, mkisoma hadi hapa, mtaona suluhisho ni kupiga marufuku. Nimeyaona matokeo yake katika sehemu nyingine, ambako tangazo lilibandikwa ukutani kwamba matani ni marufuku saa za kazi. Jiko lilinyamaza kwa kweli. Karatasi zisizosomeka hazikuulizwa, aliyezidiwa hakusema amezidiwa, na yale maneno yaliyokatazwa jikoni yalihamia kwenye kituo cha daladala usiku, ambako hayakuwa na kicheko hata kidogo. Tangazo liliondolewa kimyakimya. Sisemi kwamba kila neno livumiliwe. Mzaha wa kumshika mwanamke au wa kuusema mwili wake, au unaomdhihaki mtu kwa dini yake au ugonjwa wake, ukomeshwe na msimamizi palepale, mbele ya wote, kwa sentensi moja, na usisubiri kikao. Lakini huo ni mpaka, na ndani ya mpaka waacheni watu wapumue.

Ninachowaomba ni kuondoa kinachougeuza utani kuwa sumu, na katika visa vingi nilivyoviona kitu hicho ni makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inalieleza jambo hili katika kifungu cha 28. Mwajiri anayetaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara anatakiwa awe na ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi huyo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyohesabiwa. Apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Pimeni daftari la “hii ni ya nani?” kwa kipimo hicho. Samaki wa shilingi 28,000 alikatwa kwa bei ya menyu, si kwa hasara halisi. Kijana wa vyombo hakuwahi kuandikiwa chochote. Na nafasi ya kupinga ilikuwa ni pale dirishani, saa sita usiku, mbele ya watu waliotaka kuwahi gari la mwisho na ambao walijua kwamba akijitetea mmoja, atatafutwa mwingine.

Natambua kwamba hasara ni yenu na kwamba mgahawa hauendeshwi kwa huruma. Samaki akirudi, mtu amelipa. Lakini niliposhika zamu katika mgahawa niliopo sasa, nilimwomba meneja miezi mitatu bila makato ya sahani zilizorudi, kwa sharti kwamba kila sahani iandikwe. Alikubali kwa shingo upande. Tuliweka daftari lenye nafasi nne tu: chakula gani, kilirudi kwa sababu gani, karatasi ya oda ilisemaje, na nani aliuliza nini kabla hakijapikwa. Jina la mkosaji halina nafasi. Kabla ya kufunga, tukiwa tumesimama, tunasoma yaliyoandikwa kwa muda usiozidi dakika kumi, na mimi ninaanza na kosa langu kama ninalo. Tuligundua katika wiki mbili za mwanzo kwamba sehemu kubwa ya sahani zilirudi kwa sababu ya vifupisho vya mwandiko, hasa vya “bila”. Sasa neno “bila” linaandikwa kamili na kuzungushiwa duara, na mpishi asiyeona vizuri anauliza kwa kelele zake zote. Maneno ya mguu na tumbo yamerudi.

Kuhusu bakshishi nitasema machache. Mzaha wa mpishi kwamba mhudumu “amekula jasho lake” ni wa zamani kama migahawa yenyewe, na hauishi kwa mahubiri. Unapungua pale ambapo fedha inayoachwa mezani inaingia kisanduku kimoja, inahesabiwa kila Jumapili mbele ya mpishi mmoja, mhudumu mmoja na mtu wa vyombo, na mgawanyo umebandikwa mahali wote wanapouona. Mtu wa vyombo awepo katika kuhesabu. Hapo ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza, kijana wa beseni akimtania mpishi mkuu kuhusu njaa yake ya fedha, na mpishi mkuu akakosa la kujibu, jiko zima likacheka hadi mhudumu akaja kuuliza kulikoni.

Nafasi nne za daftari nimezieleza hapo juu, na mnaweza kuzichora kwa rula kwenye daftari la kawaida la shule. Anayetaka kuanza namshauri aanze Jumatatu, siku ya wateja wachache, na asilisome daftari hilo akiwa na kalamu ya makato mkononi. Na kabla ya hapo, usiku wowote wa wiki hii, asimame robo saa karibu na beseni la vyombo bila kusema neno, asikilize majina yanayoitwa, na ahesabu ni mara ngapi anayeitwa anajibu.

Wenu katika kazi,

Mpishi wa zamu ya usiku
Dar es Salaam